Kutoka meseji ya "naomba unisapoti" hadi andiko la ukurasa mmoja: jinsi ya kumwomba mwajiri akulipie kozi

Msikilizaji, hebu soma kwanza meseji hii. Tumeitunga, lakini ukiwa umeajiriwa kwenye mashine ya mpunga, duka la pembejeo, gereji au zahanati hapa bondeni, huenda umewahi kuandika inayofanana nayo.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Kuna kozi nimeiskia iko Moro ya mambo ya mashine, ni nzuri sana, jamaa yangu mmoja aliisoma sasa hivi yuko vizuri. Naomba kama utaweza unisapoti ada na nauli, sio nyingi. Itanisaidia sana kwenye maisha. Mungu akubariki."

Jibu likaja baada ya siku mbili: "Marahaba. Hali ngumu saa hizi, tutaongea."

Aliyeandika ni kijana anayeendesha mashine ya kukoboa mpunga mjini Ifakara. Anayeandikiwa ni mama mwenye mashine. Hapakuwa na ugomvi, na mama si mchoyo. Tatizo ni kwamba meseji ilimpa mama kazi ya kufanya hesabu ambazo kijana mwenyewe hakuzifanya. "Sio nyingi" ni shilingi ngapi? Kozi ni lini, na ya muda gani? Mashine itashikwa na nani? Neno "itanisaidia" linasema faida ni ya kijana, wakati fedha ni za mama. Na lile la jamaa ambaye sasa "yuko vizuri" ndilo lililoharibu kabisa, kwa sababu mwajiri akilisoma anaelewa kitu kimoja tu: jamaa alisomeshwa, akaondoka.

Ombi hilohilo linaweza kuandikwa upya kama andiko fupi la biashara. Ni karatasi ya ukurasa mmoja inayomwonyesha mwenye fedha anapoteza nini sasa, kozi itapunguza nini katika hasara hiyo, itagharimu kiasi gani, na mambo yakienda vibaya itakuwaje. Tutatumia mashine ya mpunga kwa sababu hapa Kilombero wengi tunaijua. Bei na hesabu zote ni za mfano, wewe utaweka za kwenu.

Anza na hasara unayoweza kuipima

Mwenye mashine hasumbuliwi na kukosa cheti kwa mfanyakazi wake. Anasumbuliwa na chenga, na mashine kusimama katikati ya msimu. Kwa hiyo kijana aanzie hapo, tena kwa kupima.

Chenga zina asili mbili, na mtu asiyezitenganisha ataahidi kisichowezekana. Nyingine zinatoka shambani na kwenye kuanika. Mpunga uliochelewa kuvunwa, ulionyeshewa baada ya kukauka, au uliokaushwa haraka kwenye jua kali hupata nyufa ndani ya punje. Punje ya namna hiyo itavunjika hata ukiwa na mashine mpya. Nyingine zinatoka kwenye mashine na anayeishika. Rola za mpira zikibanwa kupita kiasi, punje huvunjika na mpira huisha haraka. Zikiachwa wazi mno, mpunga mwingi hupita na maganda yake na kurudishwa tena. Sehemu ya kung'arisha nayo ikiwekewa mgandamizo mkubwa, mchele hutoka wa moto na umekatika. Ukishika mchele unaotoka ukahisi joto kali mkononi, hapo pana dalili.

Kozi ya ufundi itasaidia hizi chenga za mashine. Za shambani haitazigusa.

Kuzitenganisha si kazi ngumu. Chukua gunia moja la mpunga, uuchanganye vizuri, uugawe katikati. Nusu ikoboe kwenye mashine yenu. Nusu nyingine ipeleke siku hiyohiyo kwenye mashine ya aina ileile yenye fundi anayesifika. Kabla mchele haujapita kwenye chekeche, chukua kilo moja ya kila upande, tenga chenga kwa mkono, upime. Rudia siku tatu tofauti, kwa sababu kilo moja ya siku moja inaweza kukudanganya. Na usilinganishe Supa na SARO, kila aina ya mpunga ina tabia yake ikifika kwenye rola.

Tuseme kwenu wastani ni gramu 300 za chenga kwa kilo, na kule gramu 240. Tofauti ya gramu 60 ndiyo sehemu ya mashine na mshika mashine. Zile 240 ni mpunga wenyewe, usiziahidi. Ukikuta pande zote mbili ni sawa, basi hoja ya chenga huna, na ni heri umejua kabla ya kumwandikia mtu.

Hasara ya pili ni mashine kusimama, na hiyo haihitaji mizani. Inahitaji daftari. Andika tarehe mashine iliposimama, kilichoharibika, siku zilizopotea na fedha aliyolipwa fundi. Kama hukuandika msimu uliopita, pitia meseji za malipo aliyotumiwa fundi, tarehe zote zimo.

Kadiria chini ya unachoamini

Sasa tofauti ile igeuzwe fedha. Mama hununua mpunga wake na kukoboa kilo 32,000 kwa msimu, unaotoa kama kilo 20,000 za mchele. Kijana amepima tofauti ya gramu 60, lakini kwenye andiko aahidi nusu tu, yaani gramu 30 kwa kilo. Kilo 20,000 mara gramu 30 ni kilo 600 ambazo zingeuzwa kama mchele mzima badala ya chenga. Ikiwa mchele ni shilingi 2,200 na chenga ni 1,200, tofauti ni 1,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 600,000 kwa msimu.

Kwa nini nusu? Kwa sababu mwenye mashine anaijua biashara yake kuliko wewe. Akiona tarakimu iliyonenepeshwa, ataacha kuziamini na nyingine zote. Akiona umejibana mwenyewe, atazisoma zilizobaki kwa moyo mweupe.

Kwenye kusimama, daftari linasema mashine ilisimama mara 3 msimu uliopita, kila mara siku 2 za kumsubiri fundi kutoka Morogoro. Fundi alilipwa 180,000 kila safari. Siku moja bila kukobolea wateja hupoteza kama 100,000 baada ya kutoa umeme na vibarua. Kwa hiyo kila kusimama kuligharimu 380,000. Mara mbili kati ya hizo tatu tatizo lilikuwa mkanda kukaa vibaya na beringi kukosa grisi, mambo ambayo mtu aliyefundishwa huyamaliza palepale. Kijana aahidi kuzuia moja tu.

Jumla ya faida kwa msimu ni 980,000.

Gharama, pamoja na zile zinazofichwa

Waombaji wengi hutaja ada na nauli, kisha wanyamaza. Mwajiri mwenye uzoefu anajua bado kuna chakula, malazi, na mtu wa kushika nafasi. Usipozitaja atazikadiria mwenyewe, na atakadiria juu.

Ada usiichukue kwa mtu aliyesoma zamani. Piga simu chuoni au fika mwenyewe, uombe maelezo ya kujiunga yenye ada, tarehe na vitu vitakavyofundishwa. Mkoani kwetu pa kuanzia ni VETA Kihonda pale Morogoro, na ofisi ya SIDO. Kwa mambo ya mpunga wenyewe, kuuvuna na kuukausha, uliza kituo cha utafiti cha TARI Ifakara, ambacho wengi bado tunakiita KATRIN. Uliza swali moja bila aibu: kozi hii inagusa mashine ya rola za mpira, au ni ufundi wa jumla? Kama ni wa jumla, hesabu yote ya chenga inaanguka.

Halafu kuna tarehe, ambayo kwa maoni yangu huamua zaidi ya ada. Kuanzia mwezi wa 6 mpunga unashuka kutoka Mngeta, Mbingu na Malinyi, na mashine hulala usiku sana. Ukiomba ruhusa wakati huo ni kama umemwambia mama afunge. Mwezi wa 2 mashine inafanya kazi siku chache kwa wiki. Kwa kozi ya wiki mbili, kibarua wa kukushikia atahitajika siku 6 badala ya 12. Ombi lenyewe lifike mapema Januari, au hata Desemba wakati mama bado ana fedha ya msimu mkononi.

Andiko lenyewe

Haya ndiyo yatakayoandikwa. Linaenea ukurasa mmoja wa karatasi, na kwenye simu linasomeka kwa dakika tatu.

OMBI LA KUGHARAMIWA KOZI YA MATENGENEZO YA MASHINE YA KUKOBOA

*Kwa: Mama, mwenye mashine. Kutoka: Mwendesha mashine.*

*Ninachoomba.* Naomba shilingi 620,000 na ruhusa ya wiki mbili za kwanza za Februari, nikasome kozi ya kuendesha na kutengeneza mashine za kukoboa nafaka, Morogoro. Naomba jibu kabla ya tarehe 15 Januari, maana nafasi chuoni hujaa.

*Hasara tuliyo nayo.* Nimepima mara tatu mpunga uleule kwenye mashine yetu na mashine nyingine ya aina yetu. Sisi tunatoa gramu 300 za chenga kwa kilo, wao 240. Pia msimu uliopita tulisimama mara 3, siku 6 kwa jumla. Karatasi ya vipimo na daftari nimeambatisha.

*Kozi itabadilisha nini.* Nitajifunza kupima na kurekebisha nafasi ya rola, mgandamizo wa king'arishi, kupanga mikanda na kutunza beringi. Nakadiria chenga zitapungua gramu 30 kwa kilo, sawa na 600,000 kwa msimu, na tutaepuka kusimama mara 1, sawa na 380,000. Jumla 980,000. Chenga zinazotokana na mpunga wenye nyufa hazitapungua.

*Gharama.* Ada 350,000. Nauli kwenda na kurudi 40,000. Chakula na daladala siku 14, 140,000. Kibarua wa kushika mashine siku 6, 90,000. Malazi sikuyaweka, nitakaa kwa shangazi yangu, huo ni mchango wangu. Mshahara wangu wa wiki hizo naomba uendelee.

*Ikitimia nusu tu.* Tutapata 490,000 kwa msimu, na fedha zitarudi katikati ya msimu wa pili.

*Njia nyingine niliyoangalia.* Fundi wa Morogoro anaweza kuja kunifundisha hapa siku 3 kwa 300,000. Ni nafuu, ila atafundisha kwa kuangalia tu, na mashine ikiwa nzima hakuna kitu cha kufungua. Mama akiona hiyo inatosha kwa kuanzia, niko tayari.

*Ahadi yangu.* Nitafanya kazi hapa misimu miwili baada ya kozi. Nikiacha kwa hiari yangu kabla msimu wa kwanza haujaisha nitarudisha 400,000, na kabla wa pili haujaisha 200,000. Nitamfundisha kijana wa pili kurekebisha rola. Mwezi wa 7 nitarudia kupima chenga kwa njia ileile na kukuletea matokeo.

Mwisho wa andiko. Ukilinganisha na meseji ya kwanza, utaona maneno "naomba unisapoti" na "itanisaidia kwenye maisha" hayapo. Hayakuwa maneno mabaya, ila hayakujibu swali lolote la mama. Adabu imebaki. Shikamoo utaitoa ukifika, na karatasi itaongea mengine.

Kuhusu kuituma: usiibandike yote kwenye Watsapu kama mvua. Tuma meseji fupi tu. "Shikamoo mama. Nimeandika ukurasa mmoja kuhusu chenga na mashine kusimama, kuna hesabu. Naomba dakika kumi Jumamosi baada ya kufunga nikuletee." Meseji hiyo inataja hasara yake, si haja yako, na inaomba dakika kumi tu badala ya fedha.

Maswali atakayouliza

La kwanza huwa, "Na wewe ukienda kwa jirani?" Ndilo lililomfanya ajibu "tutaongea" mara ya kwanza. Ahadi ya misimu miwili ipo kwa ajili hiyo, na haikuokotwa hewani: imetoka kwenye hesabu, maana hata faida ikiwa nusu, ndani ya misimu miwili fedha yake imerudi. Mwajiri akitaka miaka mitano kwa kozi ya wiki mbili, mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole.

Hapa kuna la kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya deni bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Kwa hiyo makubaliano ya kurudisha fedha yaandikwe na kusainiwa na wote wawili kabla ya safari, kila mmoja abaki na nakala. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Na yaseme wazi "nikiacha kwa hiari yangu". Bila maneno hayo, mtu anaweza kuachishwa kazi na bado akadaiwa ada. Karatasi yenye nafasi ya fedha iliyoachwa wazi usiisaini, hata kama mnaheshimiana.

Swali la pili ni, "Nitajuaje fedha imeenda chuoni?" Usilichukue kama tusi. Vyuo vya serikali hupokea malipo kwa namba ya kumbukumbu, ile tunayoiita kontroli namba. Iombe chuoni, umpe mama alipe ada moja kwa moja kwa simu yake. Wewe upokee nauli na chakula tu. Mwajiri aliyekuwa anasitasita mara nyingi hulegea hapo.

Wengine huuliza kama serikali hailipi. Waajiri wakubwa, mfano kiwanda cha sukari kule Kidatu, hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na sehemu yake huenda VETA. Lakini tozo hiyo haimrudishii mwajiri ada ya mfanyakazi fulani, na mashine ya watu watatu haimo kabisa kwenye mpango huo. Usijenge hoja yako juu yake.

Akisema nusu

Mara nyingi jibu halitakuwa ndiyo wala hapana. Mama atasema, "Nina laki tatu." Kwa sababu gharama zimegawanywa vipandevipande, mnaweza kuongea. Yeye alipe ada 300,000, wewe utafute 50,000 ya ada iliyobaki na nauli, chakula na kibarua akukopeshe na kukata kidogokidogo kwa makubaliano ya maandishi. Hapo na ahadi ya kurudisha ishuke kulingana na alichotoa. Mtu aliyelipa nusu hawezi kukufunga kwa fedha yote.

Akichagua fundi aje kufundisha hapahapa kwa siku tatu, kubali, na umwombe fundi aje siku rola zinapobadilishwa, ili uone mashine ikiwa imefunguliwa. Pima chenga kabla na baada. Zikipungua hata gramu 15 kwa kilo, ni shilingi 300,000 kwa kilo 20,000 za mchele, sawasawa na alichomlipa fundi, na Januari inayofuata utakuwa na namba yako mwenyewe ya kuandika badala ya makadirio.